Haki ya Mtoto Ambaye Bado Hajawa

Wapo wanaoshikilia kwamba kumzaa mtu ni kumdhulumu, hata azaliwe katika nyumba ya neema. Msimamo huo ndio falsafa ya kupinga uzazi, na mtetezi wake mashuhuri katika zama hizi ni David Benatar, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Cape Town, ambaye kitabu chake cha mwaka 2006 kilizusha ubishi usiopoa hadi leo. Fikra yenyewe ni kongwe. Abul-Ala al-Maarri, mshairi kipofu wa Shamu aliyefariki mwaka 1057, hakuoa wala hakuzaa, na inasimuliwa kwamba aliusia kaburi lake liandikwe kuwa uhai wake ulikuwa kosa alilotendewa na babaye, nalo yeye hakumtendea yeyote. Mwaka 2019 kijana mmoja wa Mumbai alitangaza kwamba anataka kuwashtaki wazazi wake, wote wawili wanasheria, kwa kumzaa bila ridhaa yake. Watu walicheka, na kicheko kilikuwa na haki yake, lakini hakikujibu swali.

Hoja ya Benatar inasimama juu ya tofauti moja. Maumivu ni mabaya na raha ni njema. Hapo habishi mtu. Kisha anaongeza kwamba maumivu yasipokuwapo ni heri, hata kama hakuna wa kuionja heri hiyo, ilhali raha isipokuwapo si hasara ila pakiwa na mtu aliyenyimwa. Asiyezaliwa, basi, amesalimika na maumivu yote na hakukosa kitu, kwa kuwa hayupo wa kukosa. Aliyezaliwa amechanganyiwa. Mizani hiyo ikikubaliwa, hata maisha ya miaka themanini yaliyoumwa na jino bovu mara moja tu yamekwisha kushindwa. Ni vizuri pia kujua ambalo hoja hii hailisemi. Benatar anatenga maisha yanayostahili kuanzishwa na maisha yanayostahili kuendelezwa: aliye hai tayari ana mengi ya kupoteza, na kifo chake ni hasara. Anayeitumia falsafa hii kumwambia mwenye dhiki kwamba bora asingekuwapo ameikosea hoja, na zaidi amemkosea mtu.

Udhaifu wa mizani hiyo ni kwamba haipimi pande zote kwa jiwe moja. Ikiwa raha iliyokosekana lazima iwe na mwenyewe ndipo ihesabiwe hasara, kwa nini maumivu yaliyokosekana yahesabiwe heri bila mwenyewe? Benatar hujibu kwamba tofauti hiyo tayari imo katika hukumu za watu wa kawaida: mtu huona ni wajibu kutomzaa mtoto atakayeteseka tu, lakini hakuna anayeona ni wajibu kuzaa kwa sababu mtoto angefurahi. Hapo amesema kweli. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliigusa nusu ya jambo hilo katika kitabu cha adabu za ndoa ndani ya Ihyaa. Aliruhusu mume kumwaga nje ili kuzuia mimba, na miongoni mwa nia alizozikubali ni kuogopa mzigo mzito wa watoto wengi; miongoni mwa alizozikataa ni kuogopa kuzaa mabinti. Kuitoa mimba iliyokwisha kutunga alikuona kuwa ni jinai juu ya kitu kilichokwisha kuwapo, na kuizuia isitunge akaona si hivyo.

Lakini kweli hiyo ya Benatar haihitaji mizani yake. Asiyezaliwa hatasimama popote kulalamika kwamba alinyimwa dunia. Aliyezaliwa atasimama, na ana haki ya kuuliza. Wajibu hufuata watu watakaokuwapo, na hilo peke yake linatosha kueleza hukumu ile ya kawaida bila kuhukumu kwamba kila kuzaliwa ni dhuluma. Swali linalobaki ni dogo zaidi na zito zaidi: ni uzazi upi unaomdhulumu mtoto?

Hapo ndipo kilipo kikwazo alichokionyesha mwanafalsafa Derek Parfit mwaka 1984. Alitoa mfano wa msichana wa miaka kumi na minne anayetaka kuzaa sasa. Watu wanamshauri asubiri, kwa ajili ya mtoto. Akisubiri miaka kumi, hata hivyo, atakayezaliwa ni mtoto mwingine kabisa, wa yai lingine na mbegu nyingine. Yule wa kwanza hana maisha mbadala aliyoporwa; kwake ilikuwa ni hayo magumu au kutokuwapo. Basi kama maisha yake, pamoja na ugumu wake, ni maisha anayoyapenda, aseme aliharibiwa nini?

Kikwazo hicho ni cha kweli kwa anayedhani kwamba kumdhulumu mtu lazima kuwe ni kumtoa katika hali bora na kumtia katika hali mbaya. Dhuluma ina mlango mwingine. Anayesaini dhamana ya mkopo huku akijua hana cha kulipia amemkosea mdai tangu kalamu ilipogusa karatasi, hata kama baadaye mambo yakajipa. Mzazi naye, kwa tendo lile lile la kuzaa, huingia madeni: chakula, tiba, malezi, jina, na mtu wa kumshika mtoto mkono usiku anapoumwa. Akiyaingia madeni hayo ilhali anajua hatayalipa, au angeweza kujua kwa juhudi ndogo akafumba macho, mtoto ana dai juu yake. Dai hilo halisemi kwamba bora asingezaliwa. Linasema kwamba aliletwa na mtu aliyepuuza haki zake. Mtoto anaweza kuyapenda maisha yake na bado dai likawa sahihi.

Mahakama zimelikuta jambo hili kwa mlango wa fidia. Nchini Ufaransa, tarehe 17 Novemba 2000, Mahakama ya Kasasioni ilimpa fidia Nicolas Perruche, aliyezaliwa na ulemavu mkubwa baada ya mama yake kuugua rubela akiwa mjamzito na kuambiwa kimakosa kwamba ana kinga. Watu wenye ulemavu na familia zao walighadhibika, wakiona kwamba uhai wao umeandikwa kuwa hasara, na sheria ya Machi 2002 ikakataza mtu kudai fidia kwa sababu tu ya kuzaliwa. Afrika Kusini, Mahakama Kuu ya Rufaa ililikataa dai la namna hiyo mwaka 2008, lakini Mahakama ya Katiba mwaka 2014 haikuufunga mlango. Katika mashauri haya walioshtakiwa ni watu wa tiba na vipimo, si mama wala baba, na kosa lililotajwa ni uzembe wa kutoa habari. Kilichopimwa ni mwenendo wa watu. Thamani ya mtoto haikupaswa kuwekwa mezani, na ghadhabu ya Wafaransa ilitokana na kuwekwa kwake.

Afrika Mashariki suala hili lina sura inayojulikana vizuri: selimundu. Jeni yake imeenea hasa pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, kwa kuwa anayerithi moja tu, yaani mwenye AS, hupata kinga dhidi ya malaria kali na huishi kama watu wengine. Wakikutana AS wawili, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa SS, mgonjwa. Mbili kati ya nne ya kuwa AS. Na moja ya kuwa AA. Wengi hukosea hapa. Hudhani kwamba akishazaliwa mgonjwa mmoja, watatu wanaofuata wamesalimika. Kila mimba huanza hesabu upya. Wakizaa watatu, uwezekano wa kupata angalau mgonjwa mmoja ni kama 58 kwa 100.

Kosa la pili liko kwenye kipimo. Kile cha haraka cha kuangalia kama chembe zinapinda huonyesha tu kwamba jeni ipo. Hakitofautishi AS na SS. Anayetaka kujua hali yake aulize kipimo kinachotenganisha aina za hemoglobini, na aulize kabla ya posa, wakati maneno bado ni mepesi.

Zichukuliwe sasa jozi tatu za wachumba wa hali hiyo. Wa kwanza hawakuwahi kusikia wala kufikiwa na kipimo. Mtoto akatokea SS. Hao hawakumdhulumu, na kuwalaumu ni kuwaongezea msiba. Wa pili walipima, wakajua, wakapendana wakaoana, wakajiandaa: mtoto apimwe mara azaliwapo, kwa sababu hemoglobini ya tumboni humkinga miezi ya mwanzo na dalili hujificha; apewe penisilini kila siku hadi miaka mitano, chanjo zote na kinga ya malaria; daktari aseme lini aanze haidroksiyurea; na fedha za safari za hospitali zitengwe. Vidole vya mikono na miguu vilipovimba mtoto akiwa na miezi minane, walijua ni nini, hawakwenda kumtafuta mchawi. Hao nao, kwa uzito wa hoja, hawakumdhulumu, ingawa mwenye moyo mwepesi angechagua kuasili au kulea mtoto wa ndugu, na chaguo hilo lingekuwa la heshima kamili. Wa tatu walijua kama wa pili, wakasema yatajulikana mbele ya safari, na hawakuandaa hata kliniki. Dai la mtoto linawaangukia hao. Kisha huja aibu ya mwisho, baba kumfukuza mama kwa kumzalia mgonjwa, ilhali kila mmoja alitoa jeni moja.

Umaskini si wa daraja hilo. Hauko ndani ya damu, hubadilika, na mara nyingi ni dhuluma ya wengine juu ya mzazi na mtoto pamoja. Fukara anayezaa kwa nafasi, akiwa na ndugu na jirani wa kusaidiana, analipa madeni yake. Tajiri anayezaa na kutelekeza halipi, na kwa kipimo hiki ndiye mwenye kosa.

Yapo pia ya ulimi. Waliochagua kutozaa wasihojiwe na mashangazi karamuni wala wasiitwe wachoyo. Hakuna waliyemnyang'anya kitu. Nao wasimwangalie mwenye watoto sita kana kwamba ni mtuhumiwa. Mzazi asimwambie mtoto kwamba alimfanyia hisani kwa kumzaa, wala asimhesabie kila sahani, kwa kuwa deni lilianzia upande wake. Na kijana anaposema hakuomba kuzaliwa, asipigwe kofi wala asihutubiwe. Kwanza aulizwe taratibu ni nini kimemfika, maana mara nyingi falsafa hiyo imetangulizwa na maumivu yenye jina. Akionyesha kuchoka na uhai wenyewe, apelekwe kwa mhudumu wa afya siku hiyo hiyo. Kama ni lawama ya haki, ya ada isiyolipwa au ya baba asiyeonekana, mzazi aikiri kwa maneno ya wazi na aseme atalipa nini, lini.