Notisi ya Miezi Mitatu

Jirani yangu mmoja hapa Bugolobi ana ofisi ya watu wachache, na Jumamosi tulikutana sokoni. Alikuwa amekasirika. Alipata mhasibu aliyempenda kwenye usaili, wakaelewana mshahara, kisha binti wa watu akaandika kuomba aanze kazi Desemba badala ya Oktoba, kwa sababu ya notisi anakotoka. "Nimemwacha," akasema huku akiminya parachichi. "Mwenye shida na kazi haombi kusogezewa tarehe."

Nikamuuliza wafanyakazi wake wanatakiwa kutoa notisi ya muda gani. Akanyamaza kidogo, akajibu kwamba waliokaa sana ni miezi mitatu. Akalipia parachichi lake, akaaga.

Maneno yale yamenikaa kooni wiki nzima, maana mpwa wangu yuko katika tanzi lilelile. Amefanya kazi mahali pamoja miaka kumi na moja. Mkataba wake wa zamani unasema notisi ni mwezi mmoja, naye kwa imani hiyo akawaambia waajiri wapya kwamba tarehe 1 Oktoba atakuwa mezani. Alipokwenda kwa ofisa utumishi kuuliza habari za kukabidhi kazi, akaambiwa ni miezi mitatu. Alidhani anaonewa.

Haonewi. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 hukuza notisi kadiri mtu anavyokaa kazini. Aliyepita mwaka mmoja bila kufika mitano, notisi yake haipungui mwezi mmoja. Kuanzia miaka mitano ni miezi miwili, na akitimiza kumi ni mitatu. Inambana mwajiri na mfanyakazi vilevile, na makubaliano ya kuikwepa hayana nguvu. Kwa hiyo ule mwezi mmoja wa mkataba ulikwisha kazi siku nyingi, ila hakuna aliyemwambia. Wenzetu wa Kenya na Tanzania hawalijui sana tatizo hili, kwa kuwa kwao sheria inamtaka mwenye mshahara wa mwezi siku 28 tu, hata awe mkongwe kiasi gani, labda mkataba useme zaidi.

"Shangazi," akaniuliza, "nikiomba wasogeze, hawataniona mvivu?"

Tukakaa na kalenda. Barua ya kuacha kazi akiipeleka tarehe 4 Septemba, miezi mitatu inaishia tarehe 3 Desemba. Yeye alitaka kukata siku kumi na mbili za likizo anazodai, ili atoke Novemba. Nikamwambia hapana, sheria inasema likizo iliyobaki isihesabiwe ndani ya notisi; ni haki yake ya pembeni. Bosi akikubali kumwachia mapema ni jambo jingine, nalo liandikwe.

Rasimu yake ya kwanza ya barua kwa waajiri wapya ilijaa samahani, na tarehe ikawa "mwishoni mwa Novemba hivi". Tukaifuta. Ya pili ilikuwa na sentensi tano: naikubali kazi, notisi yangu kisheria ni miezi mitatu, nilikosea niliposema mmoja, naweza kuanza tarehe 4 Desemba, nikiachiwa mapema nitawaarifu siku hiyohiyo. Nikamkataza jambo moja tu: asipeleke barua ya kuacha kazi kabla tarehe mpya haijaandikwa kwenye barua ya ajira. "Sawa, tutaona" ya kwenye simu haitoshi. Akitoka huku kwa neno la mdomo, na kule wakabadili nia, atabaki barabarani.

Utaniambia: ofisi ndogo haiwezi kukaa miezi mitatu bila mhasibu. Nakubali. Kuna hesabu za kufunga na mishahara ya kulipa. Basi mwenye haraka aseme, "Hatuwezi kusubiri," au ajitolee kulipia muda uliobaki, waajiri wa sasa wa mwombaji wakiridhia. Hayo ni mazungumzo ya watu wazima. Kinachonikera ni kuligeuza ombi kuwa ushahidi wa uvivu. Huyo anayekuja mbio kwako leo kwa kutoroka notisi ya mwenzako, kesho atakutoroka wewe, nawe utakuwa wa kwanza kumwita msaliti.

Tena kumbuka anachokiacha. Huko alipo, kumtoa kunahitaji miezi mitatu. Kwako ataanza na kipindi cha majaribio, ambacho sheria inaruhusu kikatishwe kwa notisi ya siku kumi na nne. Anakuja kwako akiwa na kinga ndogo kuliko aliyo nayo sasa, halafu unamnunia kwa kuuliza tarehe.

Mpwa wangu alituma barua yake Jumanne, na hadi ninapoandika haya hajajibiwa. Wewe jirani, yule binti bado yupo. Mpigie simu.