Amana ya Mwenye Kukata Maneno

Mahojiano ya podikasti huchukua saa nzima, kisha hukatwa humo kipande cha dakika moja ili kienee. Je, mkataji ana haki gani juu ya maneno ya mwenziwe?

Tuchukue mfano. Shekhe aulizwa juu ya mgonjwa wa sukari aliyekatazwa na tabibu kufunga, wala hatarajiwi kupona. Ajibu: asifunge, bali atoe kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku. Kisha aongeza: ama mwenye kutarajia kupona, huyo atalipa. Kipande kikianzia kwenye "asifunge" na kukomea kwenye kibaba, kila mwenye homa atadhani kulipa kumemwondokea. Maneno yote ni ya shekhe, lakini hukumu si yake.

Basi kipande kianze na swali, kiishe baada ya sharti. Mstari wa kubainisha, "Jawabu kwa mgonjwa asiyetarajiwa kupona", uandikwe ndani ya picha yenyewe. Kwani maelezo ya chini huachwa nyuma kipande kinapopelekwa kwingine. Na maelezo hayo yajitegemee, yafahamike bila ya sauti, wala yasizidishe alilosema shekhe.

Kipimo ni hiki: mwonyeshe asiyesikia mahojiano, umuulize hukumu. Akijibu lisilo la shekhe, kata upya. Sharti likiwa mbali mno, kipande kiachwe. Mwenye kusoma aya ya 4 ya Suratul Maauni akakomea hapo, amewatisha wenye kusali wote.