Barua ya Mama kwa Msambazaji

Mama ana duka la rejareja Tanga, na likitokea la kuandika huniita mimi, eti kwa kuwa naandika magazetini. Safari hii aliagiza katoni 20 za sabuni ya mche, katoni shilingi 24,000. Msambazaji aliikubali bei kwa ujumbe wa simu, akaahidi mzigo Alhamisi. Ulifika Jumatatu, katoni 17, na ankara ya 510,000: katoni 20, kila moja 25,500.

Rasimu yangu ya kwanza ilijaa "uzembe" na "dharau". Mama aliisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sasa hapo unamtaka afanye nini?" Kweli, sikuwa nimetaja hata shilingi moja.

Tena palikuwa na jambo nililolikwepa. Mdogo wangu ndiye aliyepokea mzigo, na dereva alipomharakisha alitia saini hati iliyosema 20 kabla hajahesabu. Nikataka niseme tu kwamba mzigo ulikuja pungufu, niishie hapo. Mama akakataa. Nakala ya hati wanayo. Wakiikuta saini tuliyoinyamazia, hata kweli yetu haitasadikika.

Kuhusu ucheleweshaji, nilitaka tudai fidia ya wateja waliohamia duka la jirani. "Walikuwa wangapi?" Sikujua. Basi hilo halikudaiwa. Bei ndiyo iliyokuwa nyepesi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamruhusu mnunuzi kukataa mzigo uliopungua. Akiupokea, alipe kwa bei waliyokubaliana. Mama hakuwahi kuisoma, lakini ndivyo alivyopiga hesabu yake.

Barua ikatoka hivi:

"Ndugu, salaam. Mzigo wa Alhamisi umetufikia Jumatatu. Katoni ni 17, si 20. Kijana wetu alisaini 20 bila kuhesabu. Hilo kosa ni letu. Alipogundua alimpigia dereva simu, kabla saa moja haijapita. Naomba mhesabu ghalani muone kama tatu zimebaki. Bei mliyonikubalia ni 24,000, ujumbe wenu ninao. Hiyo mpya ianze na oda ijayo, nikishaikubali. Kwa katoni 17 nitalipa 408,000. Naomba ankara irekebishwe. Siku nyingine mkichelewa nijulisheni mapema, nisiwaahidi wateja."

Tofauti ni 102,000: 76,500 za katoni zisizofika, na 25,500 za nyongeza ya bei kwa zilizofika. Nilishauri tuidai yote kwa mkupuo. Mama akaona heri kila dai lisimame peke yake, maana la katoni lina saini inayotupinga, na la bei halina doa. Yakichanganywa, la kwanza litaliangusha la pili.

Ankara mpya ilikuja baada ya siku nne, kwa bei ya zamani. Katoni mbili zilionekana ghalani, ya tatu bado wanaitafuta. Dereva alipozileta alitangulia na hati na kalamu mkononi. Mama akaipokea kalamu, akaichomeka kwenye kilemba, akamwambia ateremshe kwanza.