Sifa ya Mdomo wa Kuazima

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Barua ya kuomba kazi inautia msemo huo mashakani, maana hakuna namna ya kuiandika bila kujitembeza kidogo. Ndiyo maana wengi huazima mdomo wa mtu mwingine: meneja wangu alisema hivi, mteja aliniambia vile. Swali linalonisumbua ni lini mdomo huo wa kuazima unastahili kuaminiwa.

Huwa nawasomea rafiki zangu barua kabla hawajazituma. Chukua mhudumu wa mapokezi hotelini anayeandika, "Meneja wangu alisema mimi ni mfanyakazi bora." Msomaji hajui meneja aliona nini, wala bora kuliko nani. Anachobaki nacho ni kwamba mwombaji anapenda kusifiwa. Sasa mhudumu huyohuyo aandike kwamba mgeni aliyesahau pasipoti chumbani aliacha maneno haya kwenye kitabu cha maoni: "Aliniletea hadi kituoni, basi likiwa linakaribia kuondoka." Hapo sifa imegeuka ushahidi. Mgeni anasimulia alichokiona, na hukumu anaachiwa msomaji.

Sifa ya msimamizi ina uzito zaidi, kwa sababu aliuona utendaji wa kila siku. Lakini ina mtego wake. Tuseme tathmini ya mwisho wa mwaka ilisema, "Ni mwepesi kujifunza, ila bado anahitaji msaada kufunga hesabu za siku." Mhudumu wetu anaomba kazi ya keshia na kunukuu nusu ya kwanza tu. Kila neno ndani ya alama za mtajo ni la kweli, lakini barua inadanganya, kwani kilichokatwa ndicho mwajiri mpya anachotaka kukijua. Angeomba kazi ya kupokea wageni tu, ukataji huohuo nisingeuita uongo. Kwa hiyo usahihi wa maneno hautoshi. Lazima pia tuangalie msomaji anatafuta jibu la swali gani.

Halafu kuna orodha ya wadhamini mwishoni mwa wasifu. Msimamizi akinukuliwa kwenye barua huku jina lake halimo kwenye orodha hiyo, msomaji makini atajiuliza kwa nini hatakiwi kupigiwa simu.

Kipimo changu ni hiki: ukimwonyesha aliyekusifu barua nzima na kumwambia ni ya kazi gani, atakubali kwamba hicho ndicho alichomaanisha? Kama una shaka, mrudishie maneno yake. Andika kwa jina lako mwenyewe kwamba hujifunza upesi, utaje ulichojifunza na kwa muda gani. Sentensi hiyo itakuwa na uzito mdogo kuliko sifa ya meneja, lakini ukiulizwa, utaijibia wewe.