Sifa Iliyogeuka Mashtaka

Mwaka 1863 Mwingereza John Hanning Speke alichapisha kitabu cha safari yake ya kutafuta chanzo cha Naili. Humo alidai kwamba watawala wa falme alizozikuta karibu na Ziwa Viktoria walikuwa kizazi cha wavamizi kutoka Uhabeshi. Ushahidi wake ulikuwa sura zao, na imani yake kwamba Mwafrika mweusi hawezi kuunda dola. Alipoikuta dola, ilibidi aitafutie wenyewe kutoka nje. Wenyewe hao wakaitwa Wahamu, kwa jina la Hamu mwana wa Nuhu.

Nchini Rwanda Wabelgiji waliiingiza hadithi hiyo ofisini, wakiwachukulia Watutsi kuwa ndio Wahamu. Waliwaondoa machifu wa Kihutu, na kuanzia miaka ya 1930 kila mtu mzima akapewa kitambulisho kilichotaja kabila lake. Kumbe Wahutu, Watutsi na Watwa walisema Kinyarwanda kimoja, na ukoo kama Abasinga ulikuwa na watu wa makundi yote matatu. Mhutu aliyejaliwa ng'ombe wengi aliweza hatimaye kuhesabiwa Mtutsi. Kadi ikaufunga mlango huo.

Baadhi ya wakubwa wa Kitutsi waliipenda hadithi, maana iliwaletea shule na vyeo. Kinachonishangaza zaidi ni walioumizwa nayo. Machi 1957 wasomi wa Kihutu walitoa ilani yao wakidai haki, na madai mengi yalikuwa ya kweli. Lakini humo humo walilalamikia ukoloni wa Wahamu, wakapinga kabila kuondolewa kwenye hati za serikali. Hawakuikana hadithi ya Speke. Waliisoma kutoka upande wa pili: kama ninyi ni washindi wa kigeni, basi nchi si yenu.

Tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya, mwanasiasa Léon Mugesera aliuambia mkutano wa hadhara kwamba Watutsi watarudishwa Uhabeshi kwa njia ya mkato, Mto Nyabarongo. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari, kadi zilikaguliwa vizuizini, na maiti zikateremka Nyabarongo na Akagera hadi Ziwa Viktoria.

Wengi huijibu hadithi hiyo kwa kuthibitisha kwamba Watutsi ni wenyeji wa siku nyingi. Ni kweli, ila jibu hilo linamwachia Speke nusu ya hoja, kwamba asili ya babu ndiyo inayoamua nani atawale na nani aishi. Tuseme babu zao walitoka Uhabeshi kweli. Ingebadilisha nini? Mababu walioleta lugha za Kibantu nao walitoka mbali, pande za Kameruni, na hakuna anayewadai wajukuu wao nauli ya kurudi.

Rwanda ilifuta kabila kwenye vitambulisho baada ya mauaji hayo ya kimbari. Ng'ambo ya mpaka, Kivu Kusini, Wanyamulenge ambao mababu zao walikuwa milimani kabla ya Wabelgiji bado wanaambiwa warudi kwao.