Mwovu Asiyepaza Sauti

Kitisho huwa na sharti ndani yake: usipofanya hili, nitafanya lile. Anayekitamka amekwisha kukiri mambo mawili. Amekiri kwamba anayetishwa bado ana hiari, na kwamba yeye mwenyewe bado hajakipata anachokitaka. Hannah Arendt, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu mabavu, alisema mamlaka na mabavu hayafanani, na kwamba mabavu hujitokeza pale mamlaka yanapoanza kuponyoka. Mtunzi wa tamthilia anapaswa kulitafakari sana wazo hilo, maana kila ukelele anaompa mwovu wake humpunguzia nguvu.

Tuchukue tukio moja. Kijana tajiri anakitaka kiwanja cha mjane mjini Tanga. Rasimu ya kwanza inamwingiza hivi:

“Nakwambia kwa mara ya mwisho! Usipotia sahihi leo, nitaichoma nyumba hii na watoto wako wakiwa ndani! Hunijui mimi!”

Mjane sasa anajua kila kitu: ni moto, ni leo, ni watoto. Anaweza kuwapeleka watoto kwa dada yake na kwenda polisi na maneno hayo yalivyo. Hofu yake imepewa mipaka, na chenye mipaka hukabilika. Hilo “hunijui mimi” ndilo baya zaidi, kwa kuwa ni ombi la mtu anayetaka kutambuliwa. Mwenye nguvu kamili haombi.

Tuiandike upya:

“Shikamoo, mama. Mlango huu marehemu aliuchonga mwenyewe? Mninga mtupu. Siku hizi haupatikani. Yule mdogo yuko darasa la tatu sasa, eti? Nimemwona asubuhi anakatiza relini. Ana haraka kama baba yake. Haya, mama, karatasi nimeziweka mezani, na kalamu hiyo hapo. Usiku mwema.”

Hakuna sentensi hapa ambayo askari wa zamu angeiandika kwenye kitabu chake kuwa ni kosa. Kijana amesalimia, amesifu mbao, amemtaja mtoto kwa wema. Lakini anajua darasa la mtoto na njia anayopita, na alikuwepo asubuhi. Sharti limetoweka. Hakuna “usipo” wala “nita”. Karatasi zimewekwa mezani kana kwamba shauri lilikwisha kukatwa zamani. Yaliyobaki mjane atayajaza mwenyewe usiku kucha, na atayajaza kwa kile anachokiogopa kuliko vyote, kitu ambacho mtunzi hawezi kukijua. Tena ile shikamoo inamfunga: adabu inamtaka aitikie marahaba, yaani ampokee kama mama anavyompokea mwanawe. Naona ukatili mkubwa zaidi uko hapo. Moto ungeharibu nyumba. Salamu hii inaharibu kile ambacho watu hukitumia kuaminiana.

Lakini upole peke yake hautishi. Ukimwonyesha kijana huyu kwa mara ya kwanza mlangoni pale, mtazamaji ataona mgeni mwenye adabu zake. Katika filamu ya ndugu Coen ya mwaka 2007, *No Country for Old Men*, Anton Chigurh anamtaka mzee wa kituo cha mafuta achague upande wa sarafu, na hasemi hata mara moja kwamba kinachochezewa ni uhai wake. Tunatetemeka kwa sababu tumekwisha kumwona akiua. Mzee yule hajaona, naye anahisi tu kwamba mazungumzo yamekwenda kombo. Kwa hiyo kwenye tamthilia yetu, kabla ya ziara hii, lazima jirani mmoja awe amekataa kuuza, na duka lake liwe limefungwa bila mtu kueleza sababu. Likitajwa mara moja, na mtu asiyeona uzito wake, linatosha.

Mtunzi akiogopa kwamba hajaeleweka, huongeza maelezo ya jukwaani: kwa upole wa kutisha, akitabasamu kikatili. Yafute yote, kisha mpe mtu ayasome maneno yenyewe kwa sauti ya kusoma tangazo. Hofu ikitoweka, basi ilikuwa kwenye maelezo, na hotuba bado haijaandikwa. Kuna pia udanganyifu wa mafumbo. “Ajali ni nyingi siku hizi, mama” ni kitisho kilekile cha rasimu ya kwanza kilichovikwa kanzu. Kila mtazamaji amekwisha kukisikia, na mwovu anaonekana akijivunia ujanja wake. Sentensi ya mlango wa mninga ina nguvu kwa sababu ni kweli tupu: mninga mzuri umeadimika, na kijana anaupenda kwa dhati. Mtu anayeweza kuuonea huruma mlango, na papo hapo akawa anauhesabu miongoni mwa mali zake, hahitaji kusema atakachofanya.

Kwa hoja hiyo hiyo ningekata hata “Ana haraka kama baba yake”. Maneno hayo yanamwelekeza mjane kwenye kifo kimoja, cha mumewe, na kumpa pa kuikamata hofu yake. Darasa la tatu na njia ya relini vinatosha.