Rangi ya Chini

Mabati mapya yanang'aa, na mwenye kibanda akiyaangalia anaona mahali safi kabisa pa kuandika jina. Fundi wa rangi anajua si hivyo. Bati limepakwa zinki kiwandani, na mara nyingi lina utando mwembamba wa mafuta. Limwagie maji uone: yanajikusanya matone badala ya kutandaa. Ukipaka glosi, ile rangi ya mafuta, moja kwa moja hapo, siku ya kwanza inakaa fiti sana. Lakini unyevu ukipenya, zinki na mafuta ya rangi vinatengeneza kitu kama sabuni kati ya rangi na bati. Hapo herufi zinaanza kubanduka vipande vizima, kama ganda la yai la kuchemsha.

Dawa yake si siri. Unaosha kwa sabuni, unasuuza, unaacha likauke, unapiga msasa kidogo, unapaka praima ya mabati, unangoja tena. Ndiyo sasa uandike. Hiyo kazi inaweza kula siku nzima na ikiisha hakuna anayeiona.

Sasa chukua mama wa chapati mwenye elfu mbili. Anataka ukuta wote wa mbele: jina, picha ya chapati na kikombe cha chai, namba ya simu. Fundi anaruka praima, anazimua glosi kwa petroli ili itoshe, na kufikia jioni amelipwa. Je, amemwibia?

Utetezi unaujua: alilipia maandishi, si amepata maandishi? Una uzito kiasi, maana pesa kidogo hununua kazi kidogo. Lakini ukipatana bei ya nyanya, nyanya unaziona. Hapa kilichopunguzwa kinajulikana na muuzaji peke yake. Mama alikubali kushusha bei. Hakukubali kushusha umri wa maandishi, kwa sababu hakuna aliyemwambia yana umri.

Sisemi fundi aweke praima bure. Yeye pia analipa nyumba, na akieleza mambo ya zinki, jamaa wa ng'ambo ya barabara atanyamaza na kuchukua kazi. Hiyo hasara ni ya kweli, bana. Bado nadhani anadaiwa sentensi moja: "Mama, kwa hii pesa ukuta wote hautapita mvua nyingi. Lakini naweza kukutengenezea kipande cha mita moja hapa juu ya mlango, jina na namba tu, rangi moja, na kitashika."

Anaweza kukataa na kusema piga tu yote. Sawa, sasa ni uamuzi wake. Ila sentensi hiyo isemwe kabla ya kamba na chaki kutoka mfukoni. Akishaona jina lake limechorwa kwa chaki kutoka pembe hadi pembe, majirani wakisimama kulisoma, hapo hakuna mtu atasikiza habari ya praima.